Malalamiko kuhusu tangazo la ukumbi wetu: ofa iliyorushwa hewani bila masharti yake

Meneja wa Matangazo,
Kituo cha Redio,
Morogoro.

Ndugu Meneja,

YAH: TANGAZO LA SEKUNDE 30 LILILOBADILISHWA BILA KIBALI CHETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa niaba ya ukumbi wetu wa sherehe uliopo Msamvu, ambao mmekuwa mkiutangaza asubuhi na jioni. Nimekwisha kulizungumza jambo hili kwa simu na mtu wa mauzo, akaniambia tangazo "limechangamka". Malalamiko yangu hayahusu uchangamfu. Tangazo lililokwenda hewani linaahidi bei ambayo hatukuitoa, kwa siku ambazo hatukuzitaja.

Skripti niliyowakabidhi pamoja na malipo ilikuwa hii:

MUZIKI: Matarumbeta, sekunde 2, kisha yanashuka chini kabisa.
MAMA (wa makamo, kama yuko kikaoni, asipaze sauti): Mwenyekiti, ukumbi wa sendofu tumepata?
MWENYEKITI (mwanamume, ametulia, tabasamu lisikike): Tumepata. (Jina la ukumbi), Msamvu. Watu mia tatu wanakaa, maegesho ndani ya uzio.
MAMA (kwa wasiwasi kidogo): Na bajeti yetu?
MWENYEKITI (anapunguza kasi): Sherehe ya Jumatatu hadi Alhamisi, punguzo asilimia ishirini.
KIMYA: nusu sekunde. Muziki uzimwe.
MTANGAZAJI (polepole): Ofa ni Jumatatu hadi Alhamisi tu. Lipa nusu kabla ya mwisho wa mwezi. Piga (namba ya simu, isomwe kwa mafungu).
MUZIKI: Kigelegele kimoja. Mwisho.

Yote yanayotamkwa humo, pamoja na jina la ukumbi na tarakimu kumi za simu, ni maneno kama hamsini. Ufupi huo ulikuwa wa makusudi. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, na msomaji aliyetulia akivuka maneno sitini na tano hivi ndani ya nusu dakika lazima aanze kukimbia. Namba ya simu peke yake, ikisomwa ili mtu aweze kuiandika, inakula kama sekunde tano. Ndiyo maana sikutaja viyoyozi, wala taa, wala jiko. Mwanakamati anayetafuta ukumbi atayauliza hayo akipiga simu. Siku za ofa hataziuliza, kwa sababu anaamini ameshazisikia.

Studio yenu ikaongeza viyoyozi, taa za rangi, mapambo, jukwaa la maharusi na salamu kwa "bwana na bibi harusi watarajiwa". Maneno yakafika karibu mia moja. Prodyuza mwenyewe alinieleza kwamba rekodi ya kwanza ilitoka sekunde 41. Ili iingie kwenye 30 alizozilipia mteja, akakata vituo vya pumzi, akaongeza kasi ya sauti, na bado haikutosha. Kilichotolewa mwisho ni ile sentensi ya mwenyekiti yenye siku za punguzo pamoja na sentensi mbili za mtangazaji, zile zile zilizobeba ofa. Mahali pake pakawekwa: "Punguzo la asilimia ishirini! Wahi sasa! Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Ukilisikiliza tena faili hilo utayasikia haya mwenyewe. Hakuna pumzi kati ya sentensi na sentensi. Tarakimu za simu zimeshikana kiasi kwamba "saba" na "sita" huwezi kuzitofautisha. Matarumbeta, ambayo niliomba yazimwe, yanapiga hadi mwisho chini ya sauti ya mtangazaji, na kwenye redio ndogo au spika ya simu, ambako besi haisikiki, tarumbeta na sauti ya mtu vinabaki vikigombania nafasi ile ile. Kwenye spika kubwa za studio huenda halikuonekana tatizo. Wasikilizaji wetu wako kwenye daladala, saluni na sokoni.

Sasa matokeo yake. Sisi hutoa punguzo la katikati ya wiki kwa sababu siku hizo ukumbi hukaa mtupu, na zipo sendofu na kicheni pati zinazoweza kufanyika Jumatano jioni bila shida. Jumamosi haihitaji punguzo, hugombaniwa. Bei yetu ni shilingi 2,000,000, na kwa ofa inashuka hadi 1,600,000.

Kamati ya kwanza iliyokuja baada ya tangazo ilikuwa na mwenyekiti na mweka hazina, na daftari la kikao mkononi. Kwenye ukurasa wa bajeti ilikuwa imeandikwa: "Ukumbi, Jumamosi, 1,600,000 (ofa ya redio)". Chini yake ile 400,000 waliyodhani wameiokoa ilikwisha kugawiwa: sehemu kwa mpiga picha, iliyobaki kwenye vinywaji. Wachangiaji walikuwa wameshasomewa bajeti hiyo. Unamwambiaje mweka hazina arudi kikaoni akaombe watu waongeze michango kwa sababu redio ilisema nusu ya habari? Mama mmoja aliyefuatana nao alinitazama kama tapeli, na sikuwa na cha kumlaumu. Alichosikia ndicho alichokisema.

Kamati hiyo na nyingine moja tuliwakubalia bei ya redioni ili tusiharibu jina letu. Ni pungufu ya shilingi 800,000. Waliofuata tuliwaeleza ukweli, na baadhi yao waliondoka kwa hasira.

Maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa" hayatuokoi. Sharti ambalo msikilizaji hakuambiwa hawezi kulizingatia. Siku za ofa ni sehemu ya bei yenyewe, na zikiondolewa bei iliyotajwa inakuwa nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bei ya huduma, na jina linalosikika kwenye tangazo ni letu. Mteja akienda kushtaki ataanzia mlangoni kwetu.

Nasikitika zaidi kwa sababu kinga ilikuwa rahisi. Mngenitumia rekodi kabla ya kuirusha, ningeisikiliza kwenye simu yangu na kuirudisha siku hiyo hiyo. Na kama mliona skripti imepoa, mngeniambia. Prodyuza ana haki ya kubadilisha muziki na kuchagua sauti, ndiyo kazi yake. Bei, siku na tarehe ya mwisho ni vya mteja, na hapaswi kuvigusa bila kuuliza.

Kwa hiyo naomba tangazo hilo lisimamishwe leo. Lirekodiwe upya kwa skripti ya hapo juu, mtangazaji asome ofa bila muziki, na nipate nakala nitakayoisaini kabla halijaenda hewani. Marudio yote yaliyokwisha kurushwa kimakosa yarudishwe bila malipo, katika vipindi vile vile vya asubuhi na jioni. Yakiwekwa usiku wa manane hatutayapokea. Kabla ya hapo litoke tangazo fupi la kusahihisha, likisema wazi kwamba punguzo ni la Jumatatu hadi Alhamisi tu. Ile 800,000 ipunguzwe kwenye ankara yetu inayofuata.

Naambatanisha skripti ya awali yenye muhuri wenu wa mapokezi, faili la tangazo lililorushwa, na stakabadhi za kamati mbili tulizozipunguzia. Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii. Yasipofika, tutasitisha mkataba na kupeleka shauri kwenye Tume ya Ushindani.

Wako katika kazi,

Meneja wa Ukumbi,
Msamvu, Morogoro.