Asilimia 15 ya nini, ndugu mhariri?

Ndugu mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka 11 sasa na sijawahi kukuandikia hata mstari, hata ile siku mlipochapa ukurasa uleule mara mbili nilikaa kimya. Ila ile habari yenu ya michango ya pensheni imenishinda. Mliandika kwamba mgawanyo ukitoka 10 kwa 10 ukaenda 5 kwa 15, yaani mfanyakazi atoe asilimia 5 na mwajiri 15, basi mfanyakazi "anapumua" na mfuko wake haupungui kitu kwa sababu jumla ni 20 ileile. Halafu mkaweka picha ya mtu anacheka ameshika bahasha. Hivi yule mwandishi alimuuliza mtu yeyote anayelipa mishahara, au alijumlisha 5 na 15 akaona imetoka 20 akaenda zake kulala?

Shida ni kwamba hamkusema namba gani imesimama palepale. Chukua mshahara ghafi wa 1,000,000, na kodi niiweke asilimia 20 bapa ili hesabu isomeke, maana kodi ya kweli inapanda kwa ngazi, na mchango wa mfanyakazi unatolewa kabla ya kodi kama sheria nyingi zinavyofanya. Kwa 10 kwa 10 unakatwa 100,000, kodi inapigwa kwenye 900,000, mkononi unabaki na 720,000, na mwajiri jumla anatumia 1,100,000 kwa sababu ile 10 yake inakaa juu ya mshahara, haitoki ndani yake. Sasa weka 5 kwa 15, ghafi ibaki 1,000,000. Unakatwa 50,000, kodi inapigwa kwenye 950,000, mkononi 760,000. Umeongezeka 40,000, si 50,000, ile 10,000 nyingine imeenda kwenye kodi. Na mwajiri sasa anatumia 1,150,000. Hapo kweli unapumua, sibishi.

Lakini nani kakuambia bosi ataongeza hiyo 50,000 kila mwezi kwa kila kichwa halafu akae ametulia? Wengi wana bajeti ya mtu mmoja na haisogei. Akisema mimi natoa 1,100,000 basi, hapo ghafi inabidi ishuke mpaka 956,522, kwa sababu 956,522 ukiongeza asilimia 15 yake ndo unapata 1,100,000. Mfanyakazi anakatwa 47,826, kodi inachukua 181,739, mkononi anabaki na 726,957. Yaani zile 40,000 za kwenye picha yenu zimebaki kama 7,000. Na mfuko mliosema haupungui umetoka 200,000 ukawa 191,304, kwa sababu ni asilimia 20 ya mshahara mdogo zaidi. Asilimia ileile, hela nyingine. Na bosi hahitaji hata kukushusha mshahara waziwazi, anaacha tu kukupandisha mwaka huu na mwaka kesho, unakuja kustuka umeshalipia wewe mwenyewe ile 15 "yake".

Sasa kwanini nina hasira namna hii, ni kwa sababu mimi yamenikuta. Nilikuwa na kazi ya ghafi 1,120,000, mgawanyo 10 kwa 10, mkononi napata 806,400 (namba nimezizungusha na kodi ni ileile 20 ya mfano). Nikaitwa kazi mpya, afisa utumishi ananiambia kwa sauti ya kuchangamka, tunakupa 1,200,000. Nikapiga hesabu kichwani, nyongeza ya 80,000, nikaaga kule nilikotoka, nikanunulia watu soda. Mwisho wa mwezi inaingia 768,000. Nikadhani benki imekosea. Nafungua slipu ya mshahara nakuta mistari miwili ya pensheni, mmoja "mchango mfanyakazi 120,000" na mwingine chini yake "mchango mwajiri 120,000", yote imetolewa kwenye ile 1,200,000 yangu. Naenda kuuliza, naambiwa lakini wewe si tulikwambia ni pakeji? Pakeji, mhariri. Neno moja. Pakeji maana yake ile namba ni gharama yote ya mwajiri, mchango wake umeshafichwa humohumo ndani, kwa hiyo 1,200,000 ya pakeji hata ikikokotolewa kwa haki ni ghafi ya 1,090,909 tu, ndogo kuliko niliyoiacha! Kule nilikotoka, ghafi 1,120,000 na asilimia 10 ya mwajiri juu yake, nilikuwa nagharimu 1,232,000, yaani bosi wa zamani alikuwa ananilipia zaidi kuliko huyu aliyenipokea kwa mbwembwe, na mimi nikatoka kwa furaha kama mtu aliyepandishwa cheo. Na bado hata hiyo haki hawakuifuata. Kutoa mchango wa mwajiri ndani ya pakeji unagawanya kwa 1.10, hutoi asilimia 10 ya pakeji, kwa sababu ile 10 ni ya mshahara, si ya mshahara uliokwisha kujumlishwa mchango. Jamaa wa mishahara alinionyesha mwenyewe kwenye kompyuta yake, kisanduku kimeandikwa hivi:

```
=A2*0.90
```

badala ya

```
=A2/1.10
```

Ya kwanza inatoa 1,080,000, ya pili 1,090,909. Halafu juu ya kosa hilo wakaweka jingine, ile asilimia 10 yangu mimi nayo wakaipiga kwenye 1,200,000 badala ya ghafi. Nikauliza basi hizo 240,000 mnazonikata zinaenda wapi, nikajibiwa zote kwenye mfuko, usiwe na wasiwasi. Nikaomba taarifa ya michango yangu moja kwa moja kutoka kwenye mfuko wenyewe, na hii nawaambia wasomaji wako wote ndo dawa pekee, msiamini slipu, slipu inaonyesha ulichokatwa, haionyeshi kilichofika. Taarifa ikaja, mwezi wa kwanza 216,000, wa pili 216,000, wa tatu hivyohivyo. Asilimia 20 ya 1,080,000, kwa sababu ghafi waliyoitangaza kule ni hiyo. Nakatwa 240,000, zinafika 216,000. Hizo 24,000 za kila mwezi zilikuwa zinaishi wapi mpaka leo sijajibiwa vizuri, niliambiwa "ni mfumo". Mfumo una tumbo?

Walirekebisha mwezi wa tano. Mkononi ikawa 785,455. Bado ni chini ya kule nilikotoka kwa karibu 21,000, ila hiyo sasa ni ujinga wangu wa kutouliza neno moja kabla ya kusaini.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la posho maana ni ndugu yake. Wapo wanaokupa 1,000,000 lakini kwenye karatasi mshahara wa msingi ni 600,000 na 400,000 iliyobaki ni posho ya nyumba, ya usafiri, ya simu, ya sijui nini, na pale ambapo kanuni za mfuko zinaangalia mshahara wa msingi peke yake michango inapigwa kwenye 600,000. Mfanyakazi anafurahi kwa sababu anakatwa 60,000 badala ya 100,000. Hajui kwamba mwajiri naye anaweka 60,000 badala ya 100,000, na hiyo 40,000 ya mwajiri haiji mkononi kwako kwa njia yoyote ile, inabaki kwake. Ile 40,000 yako angalau umeipata leo, imekatwa kodi, umekula. Ya kwake imepotea, na pale ambapo pensheni inakokotolewa kwa mshahara uliochangiwa unakuja kuiona miaka 30 mbele unapoambiwa mafao yako ni ya mtu wa 600,000. Kuna mwenzangu anaita hiyo "nafuu". Hatuongei siku hizi.

Nikirudi kwenye habari yenu. Mngeweza kuangalia hata nje tu. Uganda mfanyakazi anatoa 5 na mwajiri 10, na hiyo 10 inakaa juu ya mshahara, inaeleweka. Australia mchango wa lazima ni wa mwajiri, ulipanda kutoka asilimia 11.5 kwenda 12 Julai 2025, na huko watu walionyeshwa waziwazi kwamba wenye mkataba unaosema mshahara na mchango juu yake wanaongezewa, ila wenye mkataba wa pakeji iliyojumuisha mchango mwajiri anaweza kuitoa ile nusu asilimia ndani ya pakeji hiyohiyo, na mkononi kukapungua. Ni sheria moja, siku moja, watu wawili wamekaa dawati moja wanapata matokeo tofauti kwa sababu ya sentensi moja ya mkataba. Hiyo sentensi ndo habari, mhariri, si picha ya bahasha.

Sasa pendekezo langu, na sitaki mniambie nafasi haitoshi, ukurasa wa msimamo wa ligi mnautoa kila siku mpaka timu ya mwisho. Kila mkiandika asilimia ya mchango wowote, wekeni kisanduku kidogo chenye mistari minne, kwa mpangilio huu na si mwingine, gharama yote ya mwajiri, mshahara ghafi, michango yote miwili, kinachoingia mkononi. Mara mbili. Safu ya kwanza ghafi imesimama, safu ya pili gharama ya mwajiri imesimama. Na matangazo ya kazi mnayoyachapa ukurasa wa nyuma kwa hela nyingi, tangazo lenye neno pakeji bila ghafi pembeni yake litozwe mara mbili, hiyo nyongeza mnunulie kikokotoo yule mwandishi wenu, ile aina yenye alama ya kugawanya.

Mimi msomaji wenu,
aliyenunulia watu soda mapema