Mchango wa shilingi 4,000 ulivyotugharimu zaidi kuliko wa shilingi 10,100

Siku ya tisa ya kampeni, mhazini wa asasi moja ya hapa Kigoma alipanda ngazi za ofisi yetu pale Mwanga akiwa na simu mkononi. Ni mwalimu mstaafu, na hesabu zake huwa hazina mchezo. Alinionyesha matangazo mawili tuliyokuwa tumeyarusha Facebook na Instagram, yote yakitafuta pesa za madawati ya shule za msingi za vijiji vya kando ya ziwa. Kwenye safu iliyoandikwa Cost per result, yaani gharama kwa kila tokeo, tangazo la kwanza lilisoma shilingi mia tisa na kitu. La pili lilisoma karibu elfu tatu.

"Mwanangu, hili la pili linatumaliza. Zima."

Nilimwomba tuliache kwanza. Alikubali, ila kwa shingo upande, na nilimwelewa, kwa sababu pesa ya matangazo ilikuwa imetoka kwenye mfuko uleule wa madawati. Naandika makala haya kwa sababu tangu siku hiyo wateja wengine wameniuliza swali lilelile, na jibu lake halikai kwenye dakika tano za simu.

Jambo la kwanza ni kujua ile namba ya skrini inahesabu nini. Mchangiaji wa Tanzania akiguswa na tangazo, mara nyingi hachangii ndani ya Facebook. Anabonyeza kitufe cha WhatsApp, anauliza maswali mawili matatu, kisha anatoka na kulipa kwa lipa namba kutoka kwenye simu yake. Muamala huo Facebook haiuoni kabisa. Inachokiona ni kwamba mtu ameanzisha mazungumzo, na hayo ndiyo inayoyaita matokeo. Kwa hiyo zile mia tisa zilikuwa bei ya mtu aliyesema "habari", hata kama hakutoa senti. Zaidi ya hapo, ukiuambia mtandao uko kwenye kampeni ya ujumbe, utakutafutia watu wenye tabia ya kutuma ujumbe, na wapenda kuchati ni wengi kuliko watoaji.

Ili tujue nani amelipa, kila tangazo tuliliwekea sentensi yake ya kuanzia kwenye WhatsApp. Aliyebonyeza la kwanza alikuta ameshaandikiwa "Nataka kuchangia A", na la pili "Nataka kuchangia B". Wachache walifuta hiyo herufi, hao tuliwauliza. Kisha kila aliyelipa aliombwa atume ule ujumbe wa muamala, kwa sababu watu hulipa kwa namba nyingine au kwa simu ya mke, na usipouomba utabaki na jina kwenye taarifa ya lipa namba ambalo halifanani na mtu yeyote uliyezungumza naye.

Sasa matangazo yenyewe. A lilikuwa picha ya watoto wamekaa chini kwenye vumbi, na maneno makubwa: changia buku tu. B lilikuwa video ya sekunde arobaini ya fundi seremala wa Ujiji akipiga randa mbao. Inaanza kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye", halafu fundi anasema dawati moja kwake ni shilingi 90,000, kwa hiyo watu tisa wa elfu kumi kumi wanamaliza dawati, na kila kundi la watu tisa litatumiwa picha ya dawati lake likiwa na namba. Yote mawili tuliyalenga Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, watu wa miaka 25 hadi 55. Hatukuwa na namna ya kuwachagua wazawa wa Kigoma moja kwa moja. Ile salamu ndiyo iliyowachuja. Asiyejua inamaanisha nini alipita, aliyekua akiisikia kwa bibi yake alisimama.

Kila tangazo lilipewa shilingi 30,000 kwa siku kwa siku 20, yaani 600,000. Juu yake kulikuwa na VAT ya asilimia 18, ambayo watu wengi huisahau mpaka benki iwakumbushe, hiyo ni 108,000. Tukaweka 100,000 kila upande kwa picha, bando na posho ya binti aliyekuwa anajibu ujumbe. Jumla, kila tangazo lilikula 808,000.

A lilileta mazungumzo 640, na kati yao watu 202 walichangia. Gawanya, unapata shilingi 4,000 kwa kila mchango. B lilileta mazungumzo 210 na wachangiaji 80, sawa na shilingi 10,100 kwa mchango. Mpaka hapo mama mhazini alikuwa na haki ya kunikazia macho. Lakini wachangiaji wa A walitoa wastani wa 2,500, wakaleta 505,000. Wa B walitoa wastani wa 9,000, wakaleta 720,000. Yaani siku ya ishirini matangazo yote mawili yalikuwa hasara, na lile la "bei rahisi" lilikuwa hasara zaidi ya mara tatu ya mwenzake.

Hapa ndipo asasi nyingi hufunga daftari na kusema matangazo ya kulipia hayana maana. Tatizo ni kwamba mtu aliyechangia mara ya kwanza umeshamlipia. Akitoa tena mwezi ujao, Facebook haikudai chochote. Kwa hiyo swali la maana ni wangapi watarudi, na hilo haliko kwenye skrini ya Ads Manager. Liko kwenye daftari lako.

Daftari letu ni Excel ya kawaida, mstari mmoja kwa mtu mmoja: namba ya simu, herufi ya tangazo, tarehe ya mchango wa kwanza, jumla aliyotoa, na mara ngapi ametoa. Herufi ikiwa safu ya B na idadi ya michango safu ya E, asilimia ya waliorudi kwa tangazo B inapatikana hivi:

```
=COUNTIFS(B:B,"B",E:E,">1")/COUNTIF(B:B,"B")
```

Kuna mtego mmoja ulitupotezea siku nzima. Excel ikiona namba ya simu inayoanza na sifuri, inaila ile sifuri. Namba ileile ukiinakili kutoka WhatsApp inakuja na 255 mbele. Mtu mmoja anakuwa watu wawili, kila mmoja ametoa mara moja tu, na wewe unasikitika kwamba hakuna anayerudi kumbe wamerudi. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla hujaandika namba ya kwanza, na zote zianze na 255. Pia usichanganye wachangiaji wa miezi tofauti. Aliyeingia Machi amepata miezi sita ya kurudi, aliyeingia Agosti amepata mmoja. Ukiwaweka kapu moja, kila mara utakapopata wapya wengi asilimia itashuka, utadhani umeharibu.

Tuliwafuatilia wote miezi sita, kwa 60,000 nyingine kila upande. Wa A waliorudi walikuwa 8 kati ya 202, asilimia 4, kila mmoja akatoa mara moja zaidi, wastani wa 3,000. Wa B walirudi 28 kati ya 80, asilimia 35, na kwa wastani kila mmoja alitoa mara tatu zaidi, 9,000 kila mara. Hiyo ni 24,000 kwa A na 756,000 kwa B.

Weka sasa kila kitu pamoja. A lilikula 868,000 likaleta 529,000. B lilikula 868,000 likaleta 1,476,000. Kupata kila shilingi mia kutoka A tulitumia shilingi 164, na kutoka B tulitumia 59. Na angalia kituko: hata ukihesabu michango yote ya miezi sita, gharama kwa mchango ya A bado iko chini kuliko ya B, kwa sababu A lina michango midogo mingi. Mtu anayeangalia kipimo hicho peke yake angeendelea kulipa A mpaka leo.

Kwa nini wa B walirudi? Sehemu ni wale watu wenyewe, na lazima niseme kwamba baadhi yao pengine wangechangia kwao hata bila tangazo. Ila ninachoamini zaidi ni ile picha ya dawati. Kila mtu alishukuriwa kwa jina siku ileile. Ndani ya wiki tatu alipata picha ya dawati namba fulani, akiwa mmoja wa tisa waliolilipia. Ombi la pili lilikuja baada ya picha, na lilikuja tarehe 27, mshahara ukiwa umeshaingia. Wa A tuliwatumia picha ya darasa zima, kwa sababu buku ya mtu mmoja huwezi kuionyesha kwenye ubao. Mwanzoni kabisa kijana mmoja wa asasi alijichanganya akatuma ombi la pili siku ya tano kwa watu kumi na wawili wa B. Wanne walitublok, na hakuna hata mmoja wa wale kumi na wawili aliyerudi.

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, namba ya mchangiaji si mali yako ya kufanyia utakalo. Kwenye mazungumzo ya kwanza tunauliza kama yuko radhi kutumiwa taarifa, na akisema hapana anatoka kwenye orodha. Na ile picha ya watoto wa A sitairudia. Ruhusa ya wazazi tulikuwa nayo, lakini mzazi mmoja aliniambia kwa upole kwamba mwanawe ana kiti nyumbani.

Watu 80 si wengi, kwa hiyo sijifanyi kwamba asilimia 35 ni sheria. Tofauti ya 4 na 35 naiamini. Ingekuwa 30 na 35 nisingefanya uamuzi wowote. Isitoshe, wazawa wa Kigoma walioko mijini si bahari. Marudio, yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo, yalipovuka matatu, bei ya mazungumzo ya B ilianza kupanda kila siku, tukalipumzisha.

Kwa wateja wapya, sasa tunaanza na kikomo. Mchangiaji wa B alileta 9,000 za kwanza na, ukigawanya zile za waliorudi kwa wote 80, 9,450 zaidi: jumla 18,450 kwa miezi sita. Asasi isiyotaka kutumia zaidi ya shilingi 60 kupata mia inaweza kulipa hadi kama 11,000 kwa mchangiaji mmoja, ufuatiliaji ukiwemo. Sisi tulifika 10,850. Ni pembamba, na mwezi wa kwanza wote unakuwa umeingia hasara, kwa hiyo kama pesa ya tangazo ndiyo pesa ya mbao, tafuta kwanza mfadhili mmoja wa kubeba tangazo, au subiri.

Mama mhazini siku hizi haulizi tena bei ya mchango. Anafika kila tarehe moja na kuuliza, "Wale wa Machi, wangapi wametoa mwezi huu?"