Duka langu lina lakiri mlangoni, niandike nini kwenye barua?

Ndugu Mhariri,

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda. Jumatatu iliyopita maafisa wa kodi walikuja pamoja na polisi, wakafunga mlango, wakapiga lakiri na kubandika tangazo kwamba duka limefungwa kwa muda kwa kutotimiza wajibu wa kodi. Ilani ya siku saba ilikuwa imeletwa nikiwa Eldoret nanunua bidhaa. Kijana wangu aliipokea, akaiweka chini ya mzani. Niliiona siku ya sita.

Deni ni shilingi 9,000,000 za kodi ya ongezeko la thamani. Milioni sita ni za ritani nilizojaza mwenyewe nikashindwa kulipa, na hizo sina ubishi nazo. Milioni tatu waliniongezea kwa tathmini, kwa sababu mmoja wa wauzaji wangu hakunipa risiti ya kielektroniki, hivyo kodi niliyomlipa haikukatwa. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, yaani 180,000 kila mwezi deni lote likikaa hivi.

Sheria inaweka ukomo wa kufunga: siku 14. Lakini nikilipa, wanapaswa kufungua mara moja. Nami siwezi kungoja. Ndani kuna mifuko 60 ya saruji, ile ya chini imelala sakafuni, na mvua zimeanza. Nikichungulia dirishani naona ukutani unyevu umeshapanda kiasi cha shubiri. Kaka ananishauri tuivunje lakiri usiku tuitoe mifuko. Nimekataa, hilo ni kosa jingine juu ya deni.

Mkononi nina milioni nne. Nimeandika hivi:

“Nakiri deni la sh. 6,000,000 la ritani nilizowasilisha. Naambatisha stakabadhi ya sh. 4,000,000 nilizolipa leo. Zilizobaki naomba kulipa kwa awamu mbili za sh. 1,000,000, mwisho wa mwezi huu na mwezi ujao, pamoja na riba yake. Kuhusu sh. 3,000,000 za tathmini, nawasilisha pingamizi kando. Kwa hayo naomba duka lifunguliwe.”

Kinachonisumbua ni haya. Pingamizi lina siku 45 tangu kupokea tathmini, na kwangu zimebaki 12. Muuzaji ameahidi kunitolea risiti ile, lakini bado. Je, nipeleke pingamizi sasa bila risiti, au nimsubiri? Na je, wanaweza kufungua kwa mpango wa awamu, au watasema mpaka deni lote liishe? Naogopa pia kuahidi nisichoweza, maana nikikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo, na milioni nne zikitoka sina hela ya kuingiza mzigo mpya.

Aliyewahi kufunguliwa duka kwa njia hii anijuze alianza na ofisi ipi, na alibeba karatasi zipi.

Mwenye duka, Busia