Salamu za siku ya jina kwa Wagiriki: barua kwa Restituta

Thesaloniki

Mpendwa rafiki yangu Restituta,

Natumaini barua hii itakukuta salama wewe na wote nyumbani. Nimefurahi mno kusikia kwamba mwezi wa Oktoba utakuwa hapa Thesaloniki na kwamba kazi imethibitishwa. Umeniuliza kama salamu ya Khronia pola uliyojifunza kwenye masomo ya Kigiriki ndiyo heri ya siku ya kuzaliwa, na kama itatosha kumwambia mkuu wako mpya, Dimitris, siku yake itakapofika. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu siku hiyo itakukuta ukiwa bado mgeni ofisini, na namna utakavyomsalimu itakumbukwa.

Khronia pola ni kumtakia mtu miaka mingi, nayo husemwa siku ya kuzaliwa, siku ya jina, Krismasi, Pasaka, hata siku za kitaifa. Kwa hiyo ukiitamka hutakosea, ila peke yake haionyeshi kwamba unajua ni sherehe gani inayosherehekewa. Siku ya jina ina maneno yake, na zaidi ya hayo ina watu wake wa kuambiwa maneno hayo.

Sisi tuliolelewa Kikatoliki tunaijua sikukuu ya somo, yaani ya mtakatifu ambaye mtu anaitwa jina lake, lakini kwetu imebaki zaidi kwa mapadre, masista na parokia. Hapa ni ya kila mwenye jina, awe mtu wa kanisani au asiwe. Mgiriki akikuuliza "Pote yortazis?", yaani unasherehekea lini, anauliza siku ya jina lako, akitaka siku uliyozaliwa atataja neno yenethlia. Siku ya kuzaliwa ni ya mtu mmoja na aghalabu huijui mpaka akuambie, lakini siku ya jina iko wazi kwa wote. Imeandikwa kwenye kalenda za ukutani na hutajwa redioni asubuhi, kwa hiyo mwenye jina hatarajiwi kumkumbusha mtu. Simu zitaanza kulia tangu asubuhi, kutoka kwa watu ambao pengine hawajui kabisa alizaliwa mwaka gani.

Mtakatifu Dimitrios huadhimishwa tarehe 26 Oktoba, naye ndiye msimamizi wa mji huu, kwa hiyo Thesaloniki yote huwa mapumziko na ofisi yenu itafungwa. Mtumie ujumbe siku hiyohiyo, usingoje mpaka mrudi kazini. Kwa kuwa ni mkubwa wako na hamjazoeana, mwandikie kwa heshima: "Khronia pola, na khereste to onoma sas." Unamwombea alifurahie jina lake. Haya ndiyo maneno ya siku ya jina hasa, na hayafai siku ya kuzaliwa. Rafiki wa rika lako utamwambia "na kherese to onoma su." Maneno ya kumtakia afikishe miaka mia, "na ta ekatostisis", utayasikia wakati mwingine hata siku ya jina, lakini mimi naona yanakaa vizuri zaidi siku ya kuzaliwa, ambapo miaka inahesabiwa. Siku ya jina haihesabu miaka, na swali la "umetimiza mingapi?" halina nafasi yake hapo.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika desturi hii. Salamu haziishii kwa mwenye jina. Ukikutana na mke wa Dimitris utamwambia "na ton kherese", yaani amfurahie mumewe. Na ukimkuta pamoja na mama mkwe wake utawaambia wote wawili "na sas zisi", kwamba Mungu awawekee. Siku ya kuzaliwa, maneno hayo ya mwisho husikika zaidi wakiambiwa wazazi wa mtoto mdogo, lakini siku ya jina mama wa miaka themanini hupongezwa kwa ajili ya mwanawe mwenye mvi. Tena kwa kuwa watoto hapa hupewa majina ya babu na bibi zao, si ajabu nyumba moja ikawa na Dimitris babu, Dimitris mjukuu na Dimitra binamu yao, na wote husherehekea siku moja. Katika nyumba kama hiyo, anza na mkubwa, msalimu kila mwenye jina peke yake, kisha ndipo uwageukie waliobaki.

Akikualika nyumbani, nenda na boksi la keki ndogo kutoka duka la vitamu, au maua, au chupa ya mvinyo. Zamani hata kualikwa hakukuhitajika, mlango ulikuwa wazi jioni hiyo kwa yeyote anayefahamiana na familia, na kwa wazee wengi bado ni hivyo. Utaletewa sahani ndogo yenye matunda yaliyopikwa kwa sukari, kijiko kimoja tu, pamoja na glasi ya maji, na pengine kikombe kidogo cha kileo kitamu. Toa salamu kwanza ukiwa umeshika kikombe, ndipo uonje. Ofisini ni vivyo hivyo: siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, Dimitris mwenyewe ataleta vitamu na kuvipitisha mezani kwa kila mtu. Usichangishe fedha za kumnunulia keki kama tufanyavyo sisi, kwa kuwa siku hiyo anayekirimu ni mwenye jina. Kipokee kimoja, mpe salamu yake, kisha ule.

Si kila siku ya jina inakaa mahali pamoja. Mtakatifu Georgios ni tarehe 23 Aprili, lakini ikiwa tarehe hiyo inaangukia kabla ya Pasaka ya Kiorthodoksi, sikukuu yake husogezwa hadi Jumatatu ya Pasaka, maana haisherehekewi ndani ya Kwaresima. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 5 Mei, hivyo akina Yorgos wakasherehekea tarehe 6. Mwaka 2025 Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili, wakabaki na tarehe yao ya 23. Kwa hiyo usiweke kikumbusho cha kudumu kwenye simu kwa ajili ya Yorgos, bali tazama Pasaka kila mwaka. Na wale ambao majina yao hayana mtakatifu, wengi wao husherehekea Jumapili ya Watakatifu Wote, inayofuata baada ya Pentekoste.

Ukichelewa siku moja au mbili, bado salamu hupokelewa kwa furaha. Ongeza tu "esto ke kathisterimena", ingawa imechelewa. Lililo zito ni msiba. Familia iliyofiwa karibuni mara nyingi haisherehekei jina la mtu yeyote, haiandai vitamu wala haipokei wageni. Muulize kwanza mfanyakazi mwenzako mmoja kabla ya kwenda nyumbani kwa mtu, na ukiambiwa kuna msiba, usiende na boksi la keki. Mpigie simu, umtakie afya na nguvu.

Mariamu wako wa ghorofa ya chini, yule uliyesema atakupangisha chumba, yeye siku yake ni tarehe 15 Agosti, kwa hiyo mwaka huu imekwisha kupita. Andika ya mwakani.

Nisalimie mama na wadogo zako. Nijulishe tarehe ya ndege ili nije kukupokea.

Rafiki yako,
Anjela