Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu wa Maktaba: Siti hakai kwenye B

Ndugu Mkurugenzi, shikamoo, na pole na majukumu.

Nakuandikia hadharani maana ofisini nimeshakuja mara mbili nikaambiwa niache ujumbe. Wiki iliyopita nilikuja kutafuta vitabu kuhusu Siti binti Saad, yule mwimbaji taarabu wa Unguja aliyefariki 1950, nikafungua ile orodha ya majina kwenye kompyuta, ile ya kushuka nayo kwa herufi, nikaenda kwenye Siti nikakuta kitabu kimoja tu. Nikashangaa maana hapohapo kwenu nimeshasoma zaidi ya kimoja. Kijana wa kaunta akanambia jaribu Saad, kikatoka cha pili, alafu kwa utani tu nikajaribu Binti, na kweli bana, cha tatu kiko huko, “Binti Saad, Siti”. Mtu mmoja kawekwa sehemu tatu, na anayetafuta sehemu moja anaondoka akijua maktaba haina vingine.

Mimi nimetengeneza faharasa za vitabu miaka kadhaa kwa hiyo najua inapoanzia. Anayeingiza data anafundishwa kwamba neno la mwisho ni jina la ukoo, ligeuze liweke mbele uweke koma. Sasa Saad sio ukoo, ni baba yake Siti, na “binti” inasema tu yeye ni mtoto wa nani. Hakuna cha kugeuza hapo, jina linabaki kama linavyotamkwa na linapangwa kwenye Siti.

“Wa” ya Wakikuyu iko hivohivo. Mcheki Ngũgĩ wa Thiong'o, baba yake alikuwa Thiong'o wa Ndũcũ na mtoto wake ni Mũkoma wa Ngũgĩ. Ukigeuza kwa kanuni yenu babu anakaa N, baba anakaa T, mjukuu anarudi N lakini kwa jina lingine kabisa, yani familia moja haina ukoo hata mmoja unaofanana, maana hayo hayakuwa majina ya ukoo toka mwanzo. Ngũgĩ anakaa kwenye Ngũgĩ, basi. (Na msije mkaiambia kompyuta iruke kila “wa” bila kuangalia nafasi, Wangari Maathai atageuka Ngari.)

Lakini pia usiseme viambishi vyote vinafanana, hapo ndo watu wanapotea. Van Gogh alikuwa Mholanzi, na Waholanzi wanampanga kwenye G, “Gogh, Vincent van”. Ila Van der Merwe wa Afrika Kusini anakaa V, na Wabelgiji nao wanaanzia V, kwa hiyo kabla hujapanga inabidi ujue mtu ni wa wapi, sio neno limeandikwaje.

Al ndo mtihani wenyewe, hasa kwa vitabu vya Oman na Zanzibar. Ile al ya kuunga, kama al-Busaidi, haihesabiki kwenye kupanga, unaenda kwenye B. Ila Āl Said, ule ukoo wa kifalme wa Oman, ile Āl ni neno kamili lenye maana ya watu wa nyumba ya fulani, kwa hiyo haliruki, linakaa A. Kwa herufi zetu mara nyingi zote zinaandikwa Al tu na nafasi, huwezi kuzitofautisha. Fungua ukurasa wa jina wa Kiarabu kama upo: ال imeshikana na neno linalofuata, آل imesimama peke yake na ina alama juu ya alifu. Alafu kuna wanaoandika “el”, kama Tippu Tip ambaye jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, huyo mtu atamtafuta kwa T, kwa H na kwa M, na wote hawajakosea.

Ndo maana kugombana ipi sahihi hakutoshi, kunahitajika rejeo la “tazama”. Kwenye rekodi ya jina inakaa hivi:

```
100 0_ $a Siti binti Saad
400 1_ $a Saad, Siti binti
400 1_ $a Binti Saad, Siti
```

Ile 0 inaiambia mashine jina linaanza na jina la mtu mwenyewe, 1 inasema linaanza na ukoo. Mistari ya 400 ni milango ya pembeni, msomaji akigonga Saad anaelekezwa kwa Siti. Rekodi ikishakuwa hivo vitabu vyote vitatu vinaunganishwa nayo, na kila kipya kinachoingia kinachukua jina kutoka hapo badala ya mtu kuandika upya kichwani kwake.

Naomba muanze na majina yenye bin na binti. Chapisheni orodha yote kwenye karatasi, mtu mmoja akae nayo akizungushia yanayojirudia, sio kazi ya mtaalam wa nje. Na yule kijana wa kaunta asigombezwe kwa sababu ya barua hii, yeye ndo alijua pa kutafuta.

Msomaji wako, kadi bado haijaisha muda