Baba na Mama, nimeona niwaambie mwenyewe

Baba na Mama wapendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumai mko wazima na goti la Mama limepata nafuu.

Mama, ulipopiga simu ulisema wazazi wa yule kijana wa kwaya wanataka kuja nyumbani kuzungumza. Naomba msiwakaribishe. Kijana ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini siwezi kuolewa naye wala na mwanamume mwingine yeyote, kwa sababu nawapenda wanawake. Mimi ni msagaji. Nimeandika waziwazi ili msije mkalisikia kwa watu.

Najua Mama utauliza ni nani aliyenifundisha. Utalaumu bweni, utaulaumu mji huu. Mama, hakuna aliyenifundisha wala aliyenilipa. Nilikuwa darasa la saba pale nyumbani, sijakanyaga bweni bado, wenzangu walipoanza kunong'onezana habari za wavulana. Mimi moyo ulinienda mbio kwa msichana niliyeketi naye dawati moja. Sikumwambia mtu. Unakumbuka nilipokiazima kile kijitabu chako cha novena ya Mtakatifu Rita, chenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi? Ulifurahi ukadhani naombea mtihani. Nilikuwa namwomba Mungu aniondolee jambo hili. Nikafunga, nikarudia novena, na jambo likabaki palepale. Nilichopata ni amani ya kujua kwamba Mungu ananisikia na hajaniacha.

Baba, wewe ni katekista na sitaki kukudanganya kuhusu mafundisho ya Kanisa. Fungua Katekisimu, namba 2357 hadi 2359. Utakuta inasema matendo ya namna hii hayakubaliki, na watu kama mimi tunaitwa kuishi kwa usafi wa moyo. Siifichi sehemu hiyo, na nimelia mara nyingi nikiisoma. Lakini soma pia 2358, ile ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa: kwamba tupokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya kubaguliwa bila haki iepukwe. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kuwa hivi nilivyo si kosa la jinai, ingawa aliendelea kufundisha kwamba tendo ni dhambi. Sikuombi uuache msimamo wa Kanisa, Baba. Naomba usiliache hilo la pili kwa sababu ya lile la kwanza.

Kuna jambo moja nalikataa mapema, nalo ni kupelekwa kwa wahubiri wa kutoa mapepo. Sheria ya Kanisa lenyewe hairuhusu kumpunga mtu pepo bila idhini ya wazi ya askofu, na Katekisimu inataka kwanza ihakikishwe kwamba si ugonjwa. Mimi sina pepo, na ugonjwa pia si huu: Shirika la Afya Duniani lililiondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Kule Marekani kulikuwa na shirika kubwa la Kikristo, Exodus International, lililoahidi kuwabadilisha watu kwa maombi na ushauri. Mwaka 2013 lilifungwa, na rais wake akawaomba radhi waliolitegemea.

Sasa naomba siri yenu. Vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vile vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, bado vipo hapa Kenya. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Hata hivyo polisi siwahofii kama ninavyomhofia mwenye nyumba wangu, au mtu kumpigia simu bosi. Neno likifika jumuiya, limefika sokoni. Kwa hiyo msiwaambie shangazi wala kina mama wa CWA, hata kama ombi la maombi tu. Mkilemewa, nendeni kwa Padre kwenye kitubio, maana huko amefungwa na siri na hawezi kuitoa kwa yeyote.

Yupo ninayempenda. Mnamfahamu: ni yule dada aliyekuja nami kwenye matanga ya Nyanya, akakesha jikoni akimenya viazi na shangazi hadi alfajiri. Mama, ulimsifu mbele ya watu ukasema amelelewa. Hajabadilika tangu siku ile, na mimi vilevile.

Ada ya mdogo wangu nitaendelea kutuma kama kawaida, hata mkikasirika. Sitapiga simu hadi nyinyi mpige, nisije nikawalazimisha kuzungumza kabla hamjawa tayari. Baba, ukitaka nije nyumbani tuzungumze tukiwa watatu tu, nitumie ujumbe nami nitaomba ruhusa kazini. Mkiona heri Krismasi hii nisije, niambieni pia, ila mniambie nyinyi wenyewe, msimtume mtu.

Ni mimi binti yenu.