Shem, soma hii kabla hujaingia lindo leo

Shem mambo, meseji yako ya juzi niliiona, ile ya kwamba ikifika saa tisa usiku macho yanajifunga yenyewe na kitambi nacho kinazidi kuja mbele, nikasema hili nalijibu hapahapa hadharani maana walinzi wenzako wenye shida hiyo wako wengi. Nikupe stori ya mzee wa geti la pili pale kwenye godauni la Vingunguti nililokuwa nalinda, sisi tulimwita Afande ingawa jeshi hajawahi kulitia mguu.

Afande alikuwa anaingia saa kumi na mbili jioni anatoka saa kumi na mbili asubuhi, na supavaiza alishamkuta amelala mara kadhaa mpaka akaambiwa ikitokea tena arudishe yunifomu. Sasa shem elewa kitu kimoja, ile saa tisa mpaka saa kumi na moja mwili wenyewe unashuka joto, ndo maana hata ukinywa chai ya tangawizi birika zima bado unasinzia. Kukaa kwenye kiti ndo kunamaliza kabisa. Afande akaamua kila akimaliza mzunguko na kusaini kitabu, badala ya kukaa, anasimama mbele ya nguzo ya geti, anaweka mikono usawa wa kifua, anasukuma pushapu nane za kusimama, halafu anageukia kile kiti cha plastiki, anakaa na kuinuka mara kumi bila kushika popote, basi. Dakika mbili hazifiki, anaendelea na kazi.

Watu walicheka, mlinzi gani anapiga pushapu za ukutani kama mgonjwa. Ila pushapu ya chini inakubebesha karibu theluthi mbili ya uzito wako wote, mtu wa kilo 90 asiyezoea akianzia hapo kiuno kinabonyea, mabega yanauma, kesho haendelei. Afande ukutani alipoona nane zinapita bila kuhema akahamia kwenye kibaraza cha zege kinachofika magotini, akakaa hapo wiki kibao, ndo akashuka chini, na chini alikuwa anakunja ngumi juu ya boksi lililokunjwa kwa sababu viganja vikilala vilimuuma vifundo vya mikono.

Sasa kuna bodaboda mmoja anapaki pale nje, usiku mmoja akamchokoza, mzee huwezi skwati mia, wakawekeana supu. Afande akapiga mia zote akala supu yake. Kesho yake akaja anachechemea, keshokutwa ndo ikawa balaa, ngazi ya kibanda cha juu alipanda kwa kujivuta na mikono, kushuka akashuka kinyumenyume. Maumivu ya misuli ndivyo yalivyo, siku ya pili mara nyingi inazidi ya kwanza, halafu yanaisha taratibu. Mimi nilichomuuliza ni mkojo tu, una rangi gani? Kwa sababu mtu akijikamua hivyo ghafla misuli inaweza kuvunjika mpaka mkojo ukatoka mweusi kama koka, hapo ni hospitali siku hiyohiyo, figo zinaumia. Wake ulikuwa wa kawaida, tukashukuru.

Ila kilichonikera mimi siyo maumivu, ni kwamba siku zile mbili wezi wangeruka ukuta Afande asingeweza kukimbia hata hatua tano, sasa huo ulinzi gani? Ndo akajiwekea utaratibu ambao na wewe uuchukue: akiona anaweza kupiga tano au sita zaidi, anaacha. Anapiga akiwa ameangalia geti, siyo kulipa mgongo, filimbi shingoni, tochi na rungu pembeni ya mkono. Buti analegeza kamba kidogo za juu kifundo cha mguu kikunjike, la sivyo visigino vinanyanyuka na magoti ndo yanabeba. Na ikifika saa kumi na moja anaacha kabisa, apoe, maana akifika nyumbani anatakiwa alale, na shem pushapu hazilipi deni la usingizi, ukishinda mchana unaangalia mpira vijiweni usiku hakuna zoezi litakalokuokoa.

Supavaiza alikuja usiku mmoja mida ya saa kumi, taa ya pikipiki ikamkuta Afande chini kifudifudi, jamaa akajua huyu ama amelala ama kapigwa nondo, akaruka anapiga kelele, Afande akainuka kapiga saluti huku anahema. Akaulizwa unafanya nini? "Nalinda." Kitambi hakikuisha shem, nisikudanganye, chipsi za usiku hakuziacha, ila yunifomu hakurudisha.

Wewe kama presha yako bado inapanda kapime kwanza, na ukisukuma usibane pumzi. Halafu niambie lindo lako lina ukuta au ni uzio wa mabati, maana mabati usije ukayasukuma, utakatwa mshahara bure.